Wasifu wa kweli kwa anayetafuta mchumba kwa simu, na dalili za mapema za mapenzi ya hila

Katika Nyalukemba, kama katika kartye nyingine za Ibanda, mchumba hatafutwi tena kwaya na nyumbani tu. Kijana anafungua Facebook, Badoo au Tinder, anaweka picha, anaandika mistari michache juu yake mwenyewe, halafu anangoja. Ile mistari michache ndiyo tunayoiita hapa wasifu, au kama vijana wanavyosema, profili. Wazazi wengi hawaijui, na wachungaji wengi wanaikataza tu bila kueleza. Sisi tunapenda kueleza, kwa sababu tumeona jambo moja: wasifu ulioandikwa vizuri humlinda mwenye kuuandika, na wasifu ulioandikwa vibaya humpa mdanganyifu ufunguo wa mlango.

Hivi ndivyo inavyokuwa. Mdanganyifu hasomi wasifu ili ajue kama mnapatana. Anausoma ili ajue upungukiwe na nini, kisha anarudi amevaa kile kile unachokitafuta. Ukiandika kwamba wanaume wote wamekuumiza, yeye atakuwa mwanaume wa kwanza asiyeumiza. Ukiandika kwamba unapenda mtu wa maombi, atakutumia maombi alfajiri. Kwa hiyo maneno yanayoonyesha kidonda yanampa kazi rahisi, na maneno yanayoonyesha maisha yako ya kila siku yanampa kazi ngumu.

Mfano wa wasifu mmoja, kabla na baada

Mfano huu tumeutunga ili tusimwaibishe mtu, lakini vipande vyake ni vya kila siku. Dada mmoja wa Nyalukemba ana miaka 31, ni mshonaji, na ana mtoto wa miaka sita. Kwanza aliandika hivi:

«Mimi ni mrembo, mpole, mcha Mungu. Nimeumizwa sana katika mapenzi na niko peke yangu. Natafuta mwanaume anayejua kupenda kweli na atakayenitunza. Kama huna malengo, usiandike.»

Hakuna uongo mkubwa hapa, ila hakuna pia jambo hata moja linaloweza kuhakikishwa. Mrembo, mpole na mcha Mungu ni maneno ambayo kila mtu huyaandika. Zaidi ya hayo, sentensi ya pili na ya tatu zinasema mambo matatu kwa mtu mwenye nia mbaya: ana jeraha, hana watu karibu, na anangoja mtu wa kumtunza. Na mtoto hayupo. Amefichwa, na siku atakapojulikana, mwanaume mwema atasikia amedanganywa, naye mwanaume mbaya atapata neno la kumshtaki nalo.

Baadaye aliandika upya:

«Nina miaka 31, naishi Bukavu. Mimi ni mshonaji, na Jumamosi niko kazini mpaka jioni. Nina mtoto mmoja ninayemlea mwenyewe. Ninaimba katika kwaya. Siishi mbali na kaka zangu, na mtu ninayezungumza naye kwa nia ya ndoa, wao watamjua mapema. Natafuta mwanaume kati ya miaka 30 na 42, asiye na mke, anayependa kuzungumza polepole kabla ya kuahidi.»

Tuangalie kilichobadilika. Umri ni wa kweli. Kazi ni ya kweli, na inaelezwa kwa kazi yenyewe, si kwa cheo. Mtoto ametajwa, lakini jina lake, picha yake na shule yake havikutajwa. Mji umetajwa, lakini si avenyu wala kanisa. Kisha kuna sentensi mbili zinazofanya kazi ya mlinzi: kaka zake watajua mapema, na yeye anapenda mwendo wa polepole. Mdanganyifu akisoma hizo atapita kwa mwingine, au ataingia huku tayari tunajua atashindana na nini.

Ukweli katika wasifu hautaki uandike kila kitu. Kuna mambo ambayo mtu atakayekuoa ana haki ya kuyajua kabla hajaanza kukupenda: umri, kama una mtoto, kama uliwahi kuoa au kuolewa, kazi yako, na kama unatafuta ndoa au mazungumzo tu. Hayo yaandikwe. Kuna mengine ni ya baadaye: mshahara, nyumba unayolala, saa unazotembea peke yako, kifo kilichopita nyumbani, ugonjwa, historia ya machozi yako. Kunyamaza juu ya hayo si uongo, kwa sababu mgeni hajapata haki ya kuyajua.

Ndugu zetu wanaume wana jaribu lao. Mjini kwetu mashirika ya kimataifa yana ofisi nyingi upande wa Muhumba, na kijana aliyepata kibarua cha miezi miwili huko huandika kwamba ni mfanyakazi wa shirika. Mwingine anapiga picha mbele ya gari lisilo lake. Aandike: «Ninafanya kazi za mkataba mfupi, sasa hivi natafuta.» Atapata majibu machache, lakini atakayejibu atakuwa anamjibu yeye. Picha nayo iwe ya mwaka huu, uso uonekane wazi, na asiwepo mtoto wala mtu mwingine asiyetoa ruhusa.

Kumiminiwa mapenzi: neno lilikotoka

Kuna hila ambayo Waamerika waliipa jina la bomu la upendo. Wengi wanafikiri jina hilo lilizaliwa kati ya wapenzi. Hapana. Katika miaka ya 1970 lilijulikana kwa sababu ya Kanisa la Muungano la Mchungaji Sun Myung Moon wa Korea, ambako wafuasi walimzunguka mgeni kwa sifa, kumbatio na urafiki usio na pumziko mpaka ashindwe kuondoka. Mwanasaikolojia Margaret Singer alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha 1995 juu ya madhehebu yanayowafunga watu. Ni vizuri makanisa yajue kwamba hila hii ilitajwa kwanza katika nyumba ya dini, ndipo ikahamishiwa katika mapenzi.

Kumiminiwa mapenzi si kupendwa sana. Kijana mwenye mapenzi ya kweli naye huandika usiku, hutuma nyimbo, na huona siku ni ndefu. Tofauti haiko katika wingi wa maneno. Iko katika kazi ambayo maneno yanafanya. Mapenzi ya hila yana haraka kwa sababu yanataka kukufikisha kwenye ahadi kabla hujapata muda wa kuuliza.

Biblia inayo habari yake. Katika 2 Samweli 13, Amnoni alimpenda Tamari mpaka akaugua. Mtu akiangalia ukali wa hisia tu, atasema huyu anapenda kweli. Lakini Tamari aliomba muda, akamwambia apeleke neno kwa mfalme. Amnoni hakukubali kungoja, na alipokwisha kupata alichotaka kwa nguvu, chuki yake ikazidi yale mapenzi. Kosa lilikuwa lake Amnoni peke yake. Sisi tunachojifunza ni kwamba ukali wa mapenzi yake haukumwonyesha alivyo. Kilichomwonyesha ni jibu lake alipoombwa kungoja.

Siku kumi na mbili, hatua kwa hatua

Turudi kwa mfano wa yule mshonaji, na tuseme alibaki na wasifu wake wa kwanza. Mwanaume anaandika. Anasema ni Mkongomani, mhandisi, anaishi Kanada, mjane, na ni mtu wa kanisa.

Siku ya kwanza mpaka ya tatu ujumbe ni mwingi: asubuhi, mchana, usiku wa manane. Anasema hajawahi kukutana na mwanamke kama huyu, ingawa amesoma mistari minne tu. Siku ya nne anamwita mke wangu, na anaomba wahamie WhatsApp kwa sababu kule wengi wanasumbua. Siku ya sita anauliza kwa nini jana alichelewa kujibu saa mbili, na alikuwa na nani. Siku ya nane anasema Bwana amemwonyesha katika ndoto kwamba huyu ndiye, na kwamba wasiwaambie watu bado, kwa maana adui huharibu mipango inayotangazwa. Siku ya kumi ametuma zawadi: simu, viatu na nguo za mtoto, kwa njia ya Kampala. Siku ya kumi na mbili anaandika mtu wa forodha: mzigo umezuiliwa, zinatakiwa dola 180, zitumwe leo kwa namba fulani.

Fedha imetajwa siku ya kumi na mbili tu, lakini dalili zilianza siku ya kwanza. Tuzitaje nne, kila moja na sababu yake.

Ya kwanza ni sifa zisizo na msingi. Mtu anayekupenda husifu jambo alilolijua. Anayemimina husifu kabla ya kujua, na ukimwuliza kazi yako ni nini, hakumbuki.

Ya pili ni kukutenga. Kuhamia WhatsApp peke yake si kosa, sote tunaitumia. Kosa ni siri. Amri ya kutowaambia kaka, shangazi au mchungaji inaondoa watu wote ambao wangesikia habari ile na kucheka.

Ya tatu ni hesabu. Wema wake unaandikwa kama deni. «Mimi nimekutumia mzigo, wewe huwezi hata kidogo?» Katika Waamuzi 16 Delila naye alimwuliza Samsoni atasemaje anampenda ikiwa moyo wake hauko naye, akamsumbua siku kwa siku mpaka akachoka. Mtu akigeuza upendo wako kuwa kesi ambayo ni lazima uishinde kwa kutoa kitu, ujue ulipo.

Ya nne ni adhabu ya ukimya. Baada ya siku tano za ujumbe arobaini, siku moja hakuna hata mmoja, kwa sababu ulikataa jambo. Unaanza kuomba msamaha bila kosa. Kumiminiwa kulikuwa kunatayarisha ukimya huu: kwanza unazoeshwa maji mengi, halafu bomba linafungwa.

Dalili hizi hazihusu wezi wa mbali tu. Mwanaume wa Kadutu au mwanamke wa Bagira, mwenye picha ya kweli na jina la kweli, asiyetaka hata franka moja, anaweza kufanya hayo yote kwa sababu anachotaka ni kukutawala. Huyo hatagunduliwa kwa kuchunguza picha. Atagunduliwa kwa dalili hizi.

Jaribio la «hapana» ndogo

Tunawashauri vijana wetu wasingoje tatizo kubwa. Katika majuma mawili ya kwanza, weka makusudi mipaka mitatu midogo, kwa upole.

Mpaka wa muda: «Mchana ninafanya kazi, nitajibu jioni.» Mpaka wa watu: «Jumapili utazungumza kidogo na kaka yangu kwa simu.» Mpaka wa fedha: «Kabla ya familia kuonana, mimi sitoi wala sipokei fedha.»

Usiangalie tu jibu la kwanza, kwa sababu mwenye ujuzi atasema «sawa, mpenzi, ninakuheshimu.» Angalia juma linalofuata. Je, ombi lile lile limerudi limevaa nguo nyingine? Alikataliwa dola za mzigo, sasa ni mega za simu. Zikakataliwa, sasa mama yake yuko hospitali. Mtu mwema anaweza kuhuzunika kwa «hapana», anaweza hata kukasirika siku moja, lakini baadaye anaishi ndani ya mpaka huo. Mwenye hila anautafutia mlango wa nyuma. Mara moja inaweza kuwa kutoelewana. Mara tatu ni tabia.

Kuhakikisha, na mahali ambapo kuhakikisha kunaishia

Picha unaweza kuipima. Ihifadhi kwenye simu, uipeleke kwenye Google Lens au TinEye, uone kama inatokea mahali pengine kwa jina lingine. Ikitokea, umepata jibu. Isipotokea, hujapata kitu, kwa sababu picha iliyoibiwa kutoka WhatsApp ya mtu haionekani huko.

Namba nayo haithibitishi mengi. Inayoanza na +1 ni ya Amerika au Kanada, +250 ni ya Rwanda, +257 ni ya Burundi, lakini WhatsApp iliyofunguliwa kwa namba ya nchi moja hutumika katika nchi yoyote.

Mazungumzo ya video yanasaidia zaidi, ila wengine huchezesha video iliyorekodiwa na kusema mtandao ni mbaya. Mwombe afanye kitu kidogo hapo hapo: aguse sikio la kushoto, au asogee mpaka dirishani.

Akisema ni wa kanisa fulani, uliza ni la mji gani na mchungaji wake ni nani. Namba ya mchungaji huyo usiipokee kutoka kwake. Mwombe mchungaji wako aitafute kwa njia ya ofisi ya jumuiya yenu, maana mdanganyifu anaweza kukupa namba ya rafiki yake. Karatasi ya serikali inayosema mtu hajaoa ni nzuri, lakini ndoa nyingi za kimila kwetu hazikuandikishwa, kwa hiyo familia iulize pia kijijini kwake.

Hapa kuna ugumu wa wakati wetu. Tangu vita ilipofika Bukavu mnamo Februari 2025, benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, na familia nyingi zikatawanyika. Mtu wa kweli anaweza kushindwa kuja, na mwongo anaweza kusema hivyo hivyo. Kwa hiyo usiupime udhuru peke yake. Pima kama anatafuta njia nyingine. Wa kweli akishindwa kufika atasema: «Dada yangu yuko Panzi, mwende mkamsalimu.» Mwongo ana vizuizi tu, na kila kizuizi kinaondolewa kwa fedha yako. Fedha ikitajwa, angalia pia jina la mwenye namba ya M-Pesa au Airtel Money. Likiwa la mtu wa tatu usiyemjua, usitume.

Ikiwa mambo yamekwisha kufika mbali

Wengine hufungwa kwa neno: «uliniahidi ndoa.» Sheria ya jamaa ya Kongo, ya 1987 na iliyorekebishwa 2016, inasema wazi kwamba uchumba haulazimishi mtu kufunga ndoa. Na kabla ya miaka 18 hakuna ndoa, kwa msichana wala kwa mvulana.

Wengine hufungwa kwa picha za mwili waliyoombwa wazitume kama uthibitisho wa upendo, kisha wanatishwa kwamba zitatangazwa. Usilipe, kwa sababu aliyelipwa mara moja anajua unaweza kulipa tena. Usifute mazungumzo. Piga picha za skrini zenye namba, tarehe na vitisho, hifadhi ujumbe wa fedha uliyotuma, uripoti akaunti hiyo ndani ya Facebook au WhatsApp, kisha umfungie. Kongo ina Sheria ya Mambo ya Dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na mwanasheria atahitaji vielelezo hivyo. Tena, jihadhari na atakayekuja baadaye akisema anaweza kurudisha fedha yako kwa malipo kidogo. Mara nyingi ni mwizi yule yule, au mwenzake.

Kwa wazazi na wazee wa kanisa, neno moja. Mwaka 2022 huko Amerika watu karibu 70,000 waliiambia tume ya serikali ya biashara kwamba walidanganywa namna hii, na hasara ilikuwa dola bilioni 1.3. Hawakuwa wote wajinga, na dada yetu si mjinga. Binti akija kusema «nilituma dola 180», maneno yetu ya kwanza yanaamua kama atasema zilizobaki. Tukimcheka, atarudi kwa yule mtu, kwa sababu ndiye peke yake anayeendelea kumwita mpenzi, na fedha ya pili itatoka kimya. Tumwulize kwanza kama kuna jambo lingine ambalo huyo mtu bado anamngojea atume, na tukae naye wakati anapoifunga namba hiyo.